Alama moja imechelewa, mwanafunzi mmoja amehama: njia nne za kurekebisha wastani wa darasa bila kujumlisha upya

Mtihani wa katikati ya muhula ukiangukia msimu wa kusi, mwalimu wa Lamu hashangai kuona jina moja au mawili kwenye orodha yakiwa hayana alama. Bahari ikichafuka, boti za Kizingitini na Faza husubiri itulie, na mwanafunzi aliyekwenda kwao kwa likizo fupi hufika wenzake wameshaandika karatasi. Atapewa mtihani peke yake, usahihishwe, na alama iletwe majilisini kwenye kikaratasi wakati wastani wa darasa umeshabandikwa ubaoni. Haujakaa sawa, mwingine anakuja na barua ya uhamisho kwa kuwa wazazi wake wanahamia Mombasa.

Hapo ndipo naibu wa mwalimu mkuu anapopenyeza kichwa mlangoni: "Mwalimu, wastani wa 3B umekuwa ngapi sasa?"

Wengi wetu huchukua kikokotoo na kuanza tena kutoka jina la kwanza. Taabu ya kuanza upya si muda tu. Ukijumlisha alama arobaini na kitu kwa kidole, ni rahisi kuruka mstari mmoja au kubonyeza 6 mahali pa 9, na mwisho unapata wastani mpya wenye kosa jipya ambalo halihusiani kabisa na alama iliyochelewa. Kuna njia zinazogusa kile kilichobadilika pekee. Hapa naziweka nne kando kwa kando, ili kila mwalimu aone inayoendana na daftari lake na mazingira yake.

## Vigezo vya kulinganishia

Kigezo cha kwanza ni kile unachohitaji kuwa nacho mkononi. Kuna anayetunza jumla ya alama, na kuna ambaye alichobaki nacho ni wastani ulioandikwa kwenye karatasi ya matokeo tu. Cha pili ni wepesi wa hesabu yenyewe, alama inapoingia na mwanafunzi anapotoka. Cha tatu ni namna njia inavyoteleza: kosa lake la kawaida ni lipi, na utaligundua vipi. Cha nne ni nani inamfaa.

Nitazipima zote kwa darasa moja. 3B ina wanafunzi 42 katika orodha ya hisabati. Waliofanya mtihani kwa wakati ni 41, jumla ya alama zao ni 2198, na wastani ni 53.61. Kisha alama ya 74 inaingia, ya kijana aliyechelewa boti. Baadaye anahama mwanafunzi aliyepata 31. Wastani sahihi baada ya alama ya 74 ni 54.10, na baada ya uhamisho ni 54.66. Kila njia lazima itufikishe hapo.

## Kabla ya kuchagua njia: idadi imebadilika au haikubadilika?

Swali hili naliweka mbele ya njia zote kwa sababu makosa makubwa hutokea hapa, wala hayatokani na njia uliyochagua.

Mwanafunzi ambaye hakufanya mtihani huandikwa kwa namna mbili katika shule zetu. Kuna mwalimu anayeacha nafasi wazi au kuweka X, maana yake huyu hahesabiwi, na wastani unagawanywa kwa 41. Kuna mwingine anayemwekea 0 na kumhesabu, kwa hiyo wastani unagawanywa kwa 42. Katika 3B, anayeweka sifuri atakuwa amebandika 52.33, kwa kuwa 2198 ukigawa kwa 42 ndiyo hiyo.

Sasa 74 inafika. Kwa aliyeacha wazi, mtu mpya ameingia kwenye hesabu na idadi inapanda kutoka 41 hadi 42. Kwa aliyeweka sifuri hakuna mtu mpya. Mtu alikuwemo tangu mwanzo, alama yake tu ndiyo iliyobadilika kutoka 0 hadi 74, na idadi inabaki 42. Ukimchukua huyu wa pili kama mgeni na kugawa kwa 43, utapata wastani wa 52.84 badala ya 54.10. Ni zaidi ya alama nzima iliyopotea, na hesabu yenyewe ukiitazama haina dosari.

Alama iliyosahihishwa baada ya malalamiko iko kwenye kundi hilohilo la pili. Mwanafunzi akileta karatasi yake na ikaonekana 75 iliandikwa 57, hakuna aliyeingia wala aliyetoka. Zimeongezeka alama 18 kwenye jumla, basi.

Kwa upande wa anayehama, kuna uamuzi ambao si wa hesabu. Alifanya mtihani, kwa hiyo wastani wa mtihani huo ukiwa naye ndani ni halali. Akiondolewa, unapata wastani wa waliobaki darasani, nao ni halali pia. Muulize anayetaka takwimu anataka upi, na andika kando ya nambari idadi uliyogawia. Wastani usioandikwa idadi yake ni vigumu kuurekebisha baadaye kwa njia yoyote ile.

## Njia ya kwanza: kutunza jumla na idadi

Unachohitaji. Nambari mbili chini ya kila safu ya alama: jumla na idadi. Kwa 3B ni 2198 na 41. Wastani huuhifadhi, unautoa kwenye hizo mbili kila unapoulizwa.

Alama ikiingia. Ongeza alama kwenye jumla, ongeza 1 kwenye idadi, gawanya. 2198 na 74 ni 2272, gawa kwa 42, unapata 54.10.

Mwanafunzi akitoka. Punguza vyote viwili. 2272 toa 31 ni 2241, gawa kwa 41, unapata 54.66. Ikiwa ni marekebisho ya 57 kuwa 75, ongeza 18 kwenye jumla na uiache idadi ilivyo: 2259 kwa 41 ni 55.10.

Inapoteleza. Kosa lake la kawaida ni kubadilisha nambari moja na kusahau ya pili, hasa kuongeza alama na kuiacha idadi. Hapa kosa hujitangaza: 2272 ukigawa kwa 41 ni 55.41, yaani mwanafunzi mmoja kapandisha darasa zima kwa karibu alama mbili, jambo ambalo halimkiniki, kama nitakavyoonyesha kwenye njia ya pili. Kosa baya zaidi ni jumla ya mwanzo kuwa na dosari, kwa sababu utaibeba dosari hiyo muhula mzima.

Je, kama jumla hukuitunza, na kilichopo ni wastani tu kwenye karatasi? Unaweza kuirudisha kwa kuzidisha wastani kwa idadi, ila inategemea wastani uliandikwa na desimali ngapi. 53.61 mara 41 ni 2198.01. Alama zetu ni nambari nzima, kwa hiyo jumla lazima iwe nambari nzima, nayo ni 2198 bila shaka yoyote. Lakini kama ubaoni paliandikwa 53.6, basi wastani halisi unaweza kuwa popote kati ya 53.55 na 53.65, na jumla inaweza kuwa 2196, 2197, 2198 au 2199. Huwezi kujua ni ipi.

Kwa hiyo desimali mbili zinatosha kurudisha jumla kamili kwa darasa lolote lenye wanafunzi chini ya 100. Desimali moja inatosha kwa kikundi kisichofika watu 10 tu. Na kama mwalimu anatoa nusu alama, ile 47½ na ndugu zake, desimali mbili zinakutosheleza mradi darasa halifiki 50. Ikiwa kuna jambo moja ningependa walimu wa majilisi yetu walibadilishe, ni hili la kubandika wastani wenye desimali moja.

Inamfaa nani. Mwalimu wa somo anayeshika daftari lake mwenyewe, na mwenye mabadiliko mengi kwa pamoja. Wakiingia watatu na kutoka wawili, unajumlisha na kutoa kwa mkupuo, kisha unagawanya mara moja.

## Njia ya pili: kusogeza wastani kwa pengo

Unachohitaji. Wastani wa sasa, idadi, na alama husika. Jumla huihitaji.

Alama ikiingia. Tafuta pengo kati ya alama mpya na wastani, ligawe kwa idadi mpya, kisha usogeze wastani kuelekea upande wa alama hiyo.

```
wastani mpya = wastani + (alama - wastani) / (n + 1)
```

Kwa 3B: 74 toa 53.61 ni 20.39. Gawa kwa 42, unapata 0.49. Wastani unapanda kutoka 53.61 hadi 54.10.

Kwa nini 42 na si 41? Mfikirie kijana huyu kama mgeni aliyefika karamuni na sahani yake mwenyewe iliyojaa kama za wengine, na juu yake ameleta ziada. Ile 53.61 ni sahani yake. Ziada ya 20.39 inagawanywa kwa wote waliokaa, naye akiwemo, na waliokaa sasa ni 42.

Mwanafunzi akitoka. Pengo lilelile, ila wastani unasogea kuikimbia alama iliyoondoka, na unagawa kwa waliobaki.

```
wastani mpya = wastani + (wastani - alama) / (n - 1)
```

Aliyehama alikuwa na 31 wakati wastani ni 54.10. Alikuwa amepungukiwa 23.10, na upungufu huo ulikuwa ukijazwa na wenzake. Akiondoka, wanarudishiwa: 23.10 gawa kwa 41 ni 0.56, na wastani unakuwa 54.66.

Kwa sifuri iliyogeuka alama, au alama iliyosahihishwa, kanuni ni fupi zaidi. Tofauti kati ya alama mpya na ile ya zamani unaigawa kwa idadi ileile, kisha unaiongeza kwenye wastani. Aliyekuwa na 52.33 kwa watu 42 anachukua 74 gawa kwa 42, yaani 1.76, na anafika 54.09. Ile 0.01 iliyopungua kwenye 54.10 imetokana na kukadiria 52.33 tangu mwanzo.

Inapoteleza. Watu hugawa kwa idadi ya zamani. Katika darasa la 41 kosa hilo ni dogo kiasi cha kupita bila kuonekana: 20.39 kwa 41 inakupa 54.11 badala ya 54.10. Lakini chukua kikundi cha fizikia chenye wanafunzi 8 na wastani wa 61.25, kisha iingie alama ya 34. Pengo ni 27.25 kwenda chini. Ukigawa kwa 9, wastani sahihi ni 58.22. Ukigawa kwa 8 unapata 57.84, na hapo kosa limekuwa kubwa vya kutosha kubadilisha mpangilio wa masomo katika ripoti. Namna ya kukumbuka ni moja kwa hali zote: unagawa kwa idadi ya wanaohesabiwa baada ya badiliko, si kabla yake.

Udhaifu wa pili ni kwamba kila hatua inakadiriwa juu ya makadirio ya nyuma, kama tulivyoona kwenye 54.09. Ukisogeza mara moja au mbili hakuna neno. Ukisogeza mara kumi kwa desimali mbili, desimali ya mwisho haiaminiki tena. Beba desimali tatu au nne njiani, na ukadirie unapoandika ripoti tu.

Faida ambayo njia nyingine hazikupi waziwazi ni kwamba inakuonyesha mpaka. Katika 3B, hata alama ya 100 ingeusogeza wastani kwa 46.39 gawa kwa 42, yaani 1.10 tu. Hata sifuri ingeushusha kwa 1.28 tu. Mtu akikuletea wastani uliopanda kwa alama mbili kwa sababu ya mwanafunzi mmoja, unajua papo hapo kuna mahali pameharibika, na hujashika hata kalamu. Upande nao una kanuni yake: alama iliyo juu ya wastani ikiingia hupandisha, na ikitoka hushusha, iliyo chini hufanya kinyume chake, iliyo sawa na wastani haibadilishi chochote.

Inamfaa nani. Mwalimu wa darasa anayepokea wastani wa masomo kutoka kwa walimu wenzake bila kuona alama zao, na yeyote anayetaka kukagua hesabu ya mtu mwingine kwa haraka. Kwa badiliko moja unalotaka kulijibu ukiwa umesimama mlangoni, ningeishika hii.

## Njia ya tatu: wastani wa kudhania

Unachohitaji. Hii ndiyo ile inayofundishwa kwenye mada ya takwimu sekondari. Unachagua nambari rahisi iliyo karibu na wastani, tuseme 50, na unatunza jumla ya tofauti za alama kutoka 50 badala ya jumla ya alama. Kwa 3B jumla ya tofauti ni 148, kwa idadi 41. Wastani ni 50 kuongeza 148 gawa kwa 41, yaani 53.61.

Alama ikiingia. 74 imezidi 50 kwa 24. 148 na 24 ni 172, gawa kwa 42 ni 4.10, kwa hiyo wastani ni 54.10.

Mwanafunzi akitoka. 31 iko chini ya 50 kwa 19, kwa hiyo tofauti yake ni hasi 19. Kuondoa hasi ni kuongeza: 172 inakuwa 191, gawa kwa 41 ni 4.66, na wastani ni 54.66.

Inapoteleza. Hapo kwenye hasi ndipo penye mtego. Anayeandika 172 toa 19 anapata 153, na wastani wa 53.73. Umeshuka, ilhali aliyeondoka alikuwa chini ya wastani. Kile kipimo cha upande nilichokitaja juu kinamkamata mara moja.

Inamfaa nani. Mwenye kichwa chepesi cha hesabu asiyependa kikokotoo, kwa sababu nambari ni ndogo. Kwa wengine naona ni kazi ya ziada isiyo na faida kubwa kuliko njia ya kwanza, maana nazo ni nambari mbili za kutunza, na juu yake kuna ishara za kuchunga.

## Njia ya nne: lahajedwali

Unachohitaji. Kompyuta au simu yenye Excel au mfano wake, chaji, na alama zote zikiwa zimeshaingizwa. Hapa mashine hujumlisha upya kila mara, ila wewe hujumlishi.

Alama ikiingia. Ikiwa nafasi ya mwanafunzi ilikuwa wazi au ina X, andika 74 na wastani utabadilika wenyewe. Fomula ya `AVERAGE` hairuki sifuri, lakini huruka nafasi tupu na herufi. Kwa maneno mengine, lile swali la idadi linajibiwa na kile ulichoandika kwenye kisanduku, na mashine haitakuuliza ulikusudia nini.

Mwanafunzi akitoka. Ukifuta mstari wake wote, wastani unarekebishika, lakini kumbukumbu yake imepotea. Ukiuficha tu mstari, `AVERAGE` bado inamhesabu, na hili huwashangaza wengi. Lililo salama ni kuwa na safu ya hali, ambamo kila aliyepo ameandikiwa "yupo" na aliyeondoka "amehama", kisha fomula iwachague:

```
=AVERAGEIF(B2:B60,"yupo",C2:C60)
```

Inapoteleza. Kwanza, jina jipya linaongezwa chini ya mstari wa mwisho na fomula inaweza kubaki ikisoma `C2:C42` bila kuligusa. Ndiyo maana hapo juu nimeandika hadi 60: mistari tupu haidhuru kitu. Pili, na hili ni gumu zaidi kuliona, kuna alama iliyoandikwa kama maandishi. Mtu akibonyeza herufi O badala ya sifuri, "5O" inaonekana sawasawa na 50 kwa macho yaliyochoka, lakini mashine inaiona ni neno na kuiruka kimyakimya. Dalili yake ni idadi. Weka kando ya wastani fomula hii:

```
=COUNT(C2:C60)
```

`COUNT` huhesabu nambari tu. Ikikuambia 41 nawe unajua waliofanya ni 42, kuna kisanduku kimoja cha kutafuta. Kama daftari lako halina waliohama, idadi hiyo ndiyo utakayoiandika kwenye ripoti.

Inamfaa nani. Anayesimamia mikondo na masomo mengi, ambako alama moja inagusa wastani wa somo, wa mwanafunzi, wa mkondo na wa kidato kwa pamoja. Kwa somo moja na darasa moja, wakati wa kuwasha mashine na kutafuta faili unaweza kuwa mrefu kuliko hesabu yenyewe. Na umeme ukikatika siku ya kufunga shule, unarudi kwenye daftari.

## Uko katika hali gani?

Kama una daftari lenye jumla na idadi, tumia hizo wala usitafute ujanja mwingine. Ikiwa daftari halina jumla lakini wastani una desimali mbili, irudishe jumla kwa kuzidisha kama nilivyoeleza, iandike chini ya safu, na uendelee na njia ya kwanza kuanzia hapo.

Ikiwa ulichonacho ni wastani wa desimali moja na idadi, sogeza kwa pengo, na utoe jibu kwa desimali moja pia, ukijua kuwa hata hiyo desimali ya mwisho inaweza kuwa imepishana kidogo. Usiandike 54.09 iliyotokana na 53.6, kwa kuwa hiyo 9 huna ushahidi nayo. Ikiwa ripoti inadai desimali mbili, hapo hakuna njia ya mkato. Mwombe mwalimu wa somo jumla yake.

Kama mabadiliko ni mengi, mathalani boti mbili zimechelewa na wanafunzi sita wanafanya mtihani baadaye, kusogeza mara sita ni kualika makosa. Jumlisha alama zao sita kando, ziongeze kwenye jumla, ongeza 6 kwenye idadi, ugawe mara moja.

Kama unatumia lahajedwali lakini huiamini, iache ifanye kazi, kisha ihakiki kwa pengo. Wastani umetoka 53.61 hadi 54.10 kwa alama ya 74 na watu 42? Pengo ni kama 20, ukigawa kwa 42 ni kama nusu alama. Inakubaliana.

Ikiwa ulichoulizwa si wastani bali ni nafasi za wanafunzi, au alama ya katikati, njia zote nne hazikusaidii. Hizo hutegemea mpangilio wa alama zote, na mtu mmoja akiingia itabidi uipitie orodha.

Na ikiwa mwanafunzi hahami shule ila anavuka kutoka mkondo mmoja kwenda mwingine, fanya hesabu pande zote mbili na usiharakishe kufurahia. Tuseme mwenye 50 anatoka 3B, yenye wanafunzi 41 na wastani wa 54.66, anakwenda 3A, yenye wanafunzi 39 na wastani wa 46.00. Yuko chini ya wastani wa 3B, kwa hiyo akitoka unapanda hadi 54.78. Yuko juu ya wastani wa 3A, kwa hiyo akiingia unapanda hadi 46.10. Mikondo yote miwili imepanda na hakuna aliyejibu swali hata moja zaidi. Wastani wa kidato kizima, watu 80, ulikuwa 50.44 na bado ni 50.44, na huo ndio wa kumpelekea naibu.